Barua ya wazi kwa vijana wa chama chetu cha historia

Wanangu,

Makala mliyoniletea nimeisoma mara mbili, na mara ya pili nilianzia kwenye tanbihi, kama kawaida yangu. Mwandishi anadai watumwa wengi wa Pemba waliridhika na mabwana zao, maana baada ya amri ya Sultani Hamoud bin Mohammed wa Zanzibar kuhusu utumwa, ya tarehe 6 Aprili 1897, waliojiandikisha mahakamani walikuwa wachache. Kuhesabu amehesabu vizuri. Hakujiuliza daftari lile la mahakama liliandikwa kwa shughuli gani.

Amri ile haikumwacha huru mtu papo hapo. Iliuondolea utumwa nguvu ya kisheria tu. Anayetaka uhuru ilimbidi aende mwenyewe mahakamani kuudai. Bwana alilipwa fidia. Aliyeachwa huru alitakiwa aonyeshe ana makazi na njia ya riziki, la sivyo aliweza kuhesabiwa mzururaji, na haki ya kukaa kwenye ardhi ya bwana ilimponyoka. Masuria waliwekwa kando, isipokuwa aliyethibitisha ukatili, mpaka sheria ya 1909. Kwa hiyo aliyetoroka usiku hayumo daftarini. Aliyepatana na bwana wake kumfanyia kazi siku kadhaa kwa wiki ili abaki na kijishamba chake, naye hayumo. Daftari limewahesabu waliopita mlango mmoja, naye mwandishi amelisoma kama sensa ya nyoyo.

Halafu kuna ule ushahidi wa mtu mmoja aliyeiambia mahakama kwamba anataka kubaki kwa bwana wake. Mtu alisema Kiswahili, karani akaandika kwa lugha nyingine. Aliulizwa swali gani? Bwana alikuwa amesimama wapi? Karatasi ile inathibitisha kwamba jibu kama hilo liliweza kutolewa, basi. Lakini fuateni maneno: ukurasa wa tatu mwandishi anasema "huenda", wa sita "inaelekea", wa tisa "kama tulivyoona". Katikati hapo hakuna jalada jipya lililofunguliwa.

Nisimwonee. Jedwali lake la mwaka kwa mwaka lina faida kuliko ile jumla yake, kwa sababu mlango ukibaki uleule, kupanda na kushuka kwa idadi kunaweza kutuambia kitu. Angeliweka kando ya wasia za wenye mashamba na barua za wamisionari wa Kikweka, yaani Wakristo wa dhehebu la Quaker, waliokuwa Banani huko Pemba. Wakweka nao walikuwa na lao: walitaka kuonyesha kwamba serikali inakawiza uhuru. Ndiyo maana pale wanapokubaliana na afisa wa serikali waliyekuwa wakimlaumu, mimi husimama nikasoma tena.

Mrudishieni makala, mwambieni kila alipoandika "watumwa wa Pemba" aweke "waliofika mahakamani", kisha aangalie ni aya zipi zinabaki zimesimama. Nadhani sehemu ya pili itabaki. Hitimisho sidhani.

Mzee wenu