Viza ya dharura kwa msiba au mgonjwa mahututi: barua ya hospitali iandikweje

Simu za namna hii huingia usiku au alfajiri. Anayepiga hupotea maneno katikati ya sentensi, kisha huuliza swali moja: "Viza ya dharura inapatikana kwa siku ngapi?"

Kabla ya kutaja siku, tunamweleza jambo ambalo wengi hawajaambiwa. Katika balozi nyingi hakuna viza ya aina hiyo. Kuna viza ya kawaida ya matembezi ya muda mfupi, na kuna ombi la kuharakishiwa. Ni maswali mawili tofauti. La kwanza ni: kwa nini usisubiri foleni kama wengine? La pili ni lile analoulizwa kila mwombaji: utajigharamia vipi, na utarudi? Msiba unajibu swali la kwanza tu. Tumeona watu wenye ushahidi kamili wa kifo wakinyimwa viza kwa sababu hawakuleta lolote la kujibu la pili.

Tukueleze safari ya mteja wetu mmoja, kwa ruhusa yake na bila jina lake, maana karibu kila kikwazo tunachokijua alikutana nacho ndani ya wiki moja.

Jumatatu alipigiwa simu na wifi yake aliye Ujerumani. Kaka yake amelazwa katika chumba cha wagonjwa mahututi, anapumua kwa mashine, hana fahamu. Miadi ya karibu kwenye mfumo wa kuwasilisha maombi ilikuwa wiki tano mbele. Jamaa mmoja akamshauri aombe kwenye ubalozi wa nchi nyingine ya Schengen, kundi la nchi za Ulaya zinazotumia viza moja, iliyokuwa na nafasi keshokutwa, "kwani viza si ni moja". Tulimkataza. Ombi hupelekwa kwenye nchi ambayo ndiyo lengo kuu la safari. Barua zinazosema mgonjwa yuko Ujerumani zingemrudisha mlangoni, na siku mbili zingekuwa zimekwenda bure.

Kanuni za viza za Schengen zenyewe zimeacha nafasi kwa watu kama yeye. Kwa kawaida ombi huwasilishwa angalau siku 15 kabla ya safari, na uamuzi hutolewa ndani ya siku 15, ingawa unaweza kusogezwa hadi 45. Ila penye dharura yenye sababu, ubalozi unaweza kukupokea bila miadi au kukupa miadi mara moja. Neno zito hapo ni "yenye sababu". Sababu hiyo haionekani kwa machozi dirishani. Afisa huipima kwa karatasi.

Karatasi ya kwanza aliyotumiwa na wifi yake ilikuwa na mstari mmoja: inathibitishwa kwamba mgonjwa fulani amelazwa hospitalini kwetu tangu tarehe fulani. Ni barua halali, na haikumsaidia. Mtu aliyevunjika mguu naye amelazwa. Majibu yalikuja siku ya pili: leta uthibitisho wa dharura.

Barua inayofanya kazi hutamka mambo machache kwa uwazi. Jina la mgonjwa liwe kama lilivyo kwenye pasipoti yake, pamoja na tarehe ya kuzaliwa. Ieleze amelazwa lini na katika kitengo gani. Iseme kwamba hali yake ni ya kuhatarisha maisha, na kwamba daktari anashauri ndugu wa karibu wafike bila kuchelewa. Mwisho iwe na jina la daktari, saini, tarehe, na namba ya simu ambayo afisa akiipiga atampata mtu wa kitengo hicho, kwa kuwa baadhi ya maafisa hupiga kweli. Ugonjwa wenyewe hauhitaji kuelezwa kwa kina. Familia nyingi huona aibu au uchungu kuanika siri ya mgonjwa wao, na hazilazimiki.

Halafu kuna hili, ambalo hula muda kuliko yote: hospitali haitakutumia wewe barua hiyo. Usiri wa mgonjwa unawafunga. Unaweza kuandika barua pepe kumi, ukajibiwa kwa upole kwamba hawawezi kuthibitisha hata kama mtu huyo yuko kwao. Anayepaswa kuiomba ni mgonjwa mwenyewe kama ana fahamu, au mtu anayetambuliwa na hospitali kuwa msemaji wake, kama mke, mume, mtoto au mzazi. Kwa hiyo Jumanne usiku tuliacha kuhangaika na hospitali, tukampa wifi yake maneno ya kuombea barua, naye akayapeleka wodini asubuhi. Kabla ya saa sita mchana tulikuwa na nakala. Ilikuwa kwa Kijerumani na hatukuitafsiri, maana ubalozi wa Ujerumani unasoma Kijerumani. Watu hulipia tafsiri ambazo hakuna aliyeziomba.

Sasa ikabaki kuonyesha kwamba mgonjwa huyo ni kaka yake. Hapa ndipo udhaifu wa makaratasi ya nyumbani hujitokeza. Pasipoti yake ina jina la mume. Pasipoti ya kaka ina jina la babu. Ukiziweka pamoja, ni watu wawili wasiohusiana. Tulihitaji mnyororo: cheti chake cha ndoa kinachoonyesha jina la zamani, cheti chake cha kuzaliwa chenye majina ya wazazi, na cheti cha kuzaliwa cha kaka chenye majina yaleyale. Jina la mama lilikuwa limeandikwa kwa neno moja kwenye cheti kimoja na kwa maneno mawili kwenye kingine. Hatukulificha. Aliapa hati ya kiapo mbele ya wakili kwamba ni mtu mmoja, na kwenye barua yake ya maelezo tukaitaja tofauti hiyo kwa sentensi mbili. Afisa akiigundua peke yake, huanza kujiuliza kuna nini kingine.

Udugu wa karibu una mipaka, na kila nchi ina yake. Mzazi, mtoto, mume, mke na ndugu wa tumbo moja huwa hawana shida. Shangazi, mjomba na binamu ni wagumu zaidi, hata kama ndio waliokulea. Kama ndio waliokulea, lete kinachoonyesha hivyo, mfano barua za shule walizotia saini kama walezi.

Alhamisi alipokelewa, akatoa alama za vidole na kuacha faili lake. Kama angekuwa amezitoa kwa viza ya Schengen ndani ya miezi 59 iliyopita, zingeweza kutumika zilezile. Faili lilikuwa na karatasi za swali la pili pia: barua ya mwajiri ya likizo ya dharura yenye tarehe ya kurudi kazini, taarifa ya benki, vyeti vya kuzaliwa vya watoto wanaobaki, barua ya wifi ya kumpokea nyumbani, na bima ya safari inayofikia euro 30,000. Tiketi ilikuwa ya kushikiliwa nafasi tu, haijalipiwa. Aliomba siku 14. Mteja mwingine aliwahi kutaka tumwombee siku 90 kwa mazishi ya siku moja. Muda usiolingana na sababu huzaa maswali ambayo huna muda wa kuyajibu.

Usiku huo kaka yake akafariki.

Wengi hudhani ombi limekufa pamoja na mgonjwa, wakaanza upya. Usifanye hivyo. Tuliandika barua pepe usiku uleule kwa ubalozi, namba ya ombi ikiwa kwenye kichwa cha habari, tukieleza kwamba sababu imebadilika kutoka kumwona mgonjwa kuwa mazishi. Cheti cha kifo kilikuwa bado, na mara nyingi huchelewa. Badala yake kampuni ya mazishi iliandika barua yenye jina la marehemu, tarehe na mahali pa mazishi, na mawasiliano yao. Familia ilikuwa ikisema "tutapanga tarehe viza ikitoka". Tuliwaomba wapange kwanza, kwa sababu barua isiyo na tarehe haimwambii afisa aharakishe kufikia lini.

Jumanne viza ilitoka, ikiwa na mpaka: inatumika Ujerumani tu. Balozi zinaweza kutoa viza ya namna hiyo penye dharura, kwa mfano pale nchi nyingine za Schengen zilipaswa kuulizwa kwanza na hakuna muda wa kusubiri. Ndege aliyoishikilia ilipitia nchi nyingine ya Schengen, ambako viza hiyo isingemvusha. Tulibadilisha njia, akatua Ujerumani moja kwa moja kutoka nje ya Schengen. Soma viza yako sehemu ilipoandikwa inatumika wapi kabla hujalipa tiketi. Alifika siku mbili kabla ya maziko.

Kwa Marekani mpangilio ni mwingine. Unajaza fomu ya DS-160, unalipa ada, unachukua miadi ya kawaida hata kama iko mbali kiasi gani, ndipo mfumo unakuruhusu kuomba kuharakishwa. Wanaosubiri kwanza wapate ya haraka, bila kuchukua ya mbali, hukwama hapo. Harusi, mahafali na kumsaidia ndugu anayejifungua havihesabiwi kuwa dharura. Na ikigundulika kwenye mahojiano kwamba sababu uliyoitoa haikuwa ya kweli, huandikwa kwenye faili lako na inaweza kuathiri uamuzi.

Kwa sababu hiyo hatutengenezi barua. Tunaandaa maneno ya kuiombea, tunapanga mnyororo wa vyeti, tunaandika maelezo na kufuatilia majibu. Hatuuzi miadi, na anayekuahidi viza ya msiba kwa uhakika hana mamlaka hayo, kwa sababu uamuzi ni wa afisa wa ubalozi peke yake.

Ukitupigia, pole yetu utaipata kwanza. Kisha tutakuomba picha ya pasipoti yako, jina la mgonjwa au marehemu kama lilivyo kwenye pasipoti yake, na simu ya ndugu mmoja aliye karibu naye ambaye hospitali au kampuni ya mazishi itakubali kuzungumza naye. Huyo wa tatu ndiye tutakayempigia kabla ya mtu mwingine yeyote.