Mdogo wangu, pakiti ya tambi haijui kwamba umehamia Arusha

Mdogo wangu,

Ujumbe wako nimeusoma. Tambi zilezile ulizokuwa ukipika Tanga kwa dakika tisa, huku zinatoka na kiini. Ukiziacha jikoni na kwenda kuogesha mtoto, unakuta bwabwa. Na mama wa dukani umeshamnunia, eti kakuuzia tambi za zamani. Mwache mama wa watu.

Kinachokusumbua ni mwinuko. Tanga iko pwani, maji huchemka yakifika nyuzi 100. Arusha mjini tuko karibu mita 1,400 juu ya bahari, mgandamizo wa hewa ni mdogo, kwa hiyo maji yanatokota yakiwa na nyuzi 95 hivi na hapo ndipo yanapoishia. Ukipandisha moto hayazidi joto, yanakauka tu na gesi inaisha. Moshi wako chini kidogo, wanapata kama 97. Wapishi wanaopandisha wageni Kilimanjaro ndio wanaolijua hili kuliko sisi wote: kambi ya Kibo imepita mita 4,700, maji yanachemka kwenye nyuzi 85 hivi, na spageti ya huko ni kazi ya subira. Basi zile dakika za kwenye pakiti zikuambie uanze kuonja saa ngapi. Zisikuambie uzime jiko saa ngapi.

Nyumbani kwako mko watatu, kwa hiyo pika nusu ya ile pakiti ya nusu kilo, yaani gramu 250, kwa lita mbili na nusu za maji. Najua utaona ni maji mengi. Lakini tambi zikiingia kwenye maji machache, yanapoa zaidi, halafu wanga unaotoka kwenye tambi unayafanya mazito kama uji, zinagandana. Maji yakishachemka, tia chumvi laini kijiko cha chakula kimoja na nusu, vya usawa, si vya mlima. Ni kama gramu 25, gramu kumi kwa kila lita. Usiogope, nyingi utaimwaga pamoja na maji. Tambi hunywa maji na chumvi inaingia nayo mpaka ndani. Ukija kuitia mezani, itabaki juu juu. Mafuta usitie kabisa. Yanaelea tu, na ukishachuja yanazipaka tambi utelezi hata mchuzi haushiki.

Usizivunje. Zisimamishe kwenye sufuria, zikilegea chini zisukume taratibu zizame zote, kisha ukoroge dakika mbili za mwanzo, maana hapo ndipo zinaposhikana. Mfuniko acha pembeni, la sivyo povu litakuzimia jiko.

Sasa kuonja. Pakiti inasema tisa: dakika ya tisa toa uzi mmoja kwa uma, ukate, utazame pale ulipokatika. Katikati utaona doa jeupe. Huo ni unga ambao maji hayajaufikia. Doa likiwa nene na tambi inanata kwenye meno, rudi baada ya dakika moja utoe nyingine. Tafuta pale doa lilipobaki kama ncha ya sindano, au limetoweka sasa hivi, na ukiuma tambi inakukatalia kidogo ndipo inakatika bila kunata. Kwa Arusha, tambi ya dakika tisa tegemea kuiona hapo kati ya kumi na kumi na mbili. Ukiibonyeza kwa kidole ikapondeka, imeshapita. Na huo mchezo wa kurusha tambi ukutani hautakusaidia: wanga ndio unaonata, kwa hiyo hata iliyopitiliza itashika, nawe utabaki kufuta ukuta.

Jambo moja linawaponyoka wengi: tambi ikitoka kwenye maji bado ina joto na inaendelea kuiva. Kwa hiyo rosti yako ya nyama ya kusaga iwe tayari jiko la pili kabla hujatumbukiza tambi. Zitoe doa likiwa bado linaonekana kwa mbali, zitie kwenye rosti pamoja na upawa mmoja wa yale maji ya chumvi, ugeuze dakika moja au mbili. Zitamalizia humo, na wanga wa maji yale utaufanya mchuzi ushike.

Haya yote ni kwa tambi za ngano ngumu ya durumu, soma pakiti. Zipo za bei rahisi zilizotengenezwa kwa ngano laini, na hizo nje zinalainika kabla ndani hakujaiva, uzitazame usizitazame. Kama umeshazinunua, hizo ndizo za kuvunjavunja, ukazikaanga mpaka ziwe za kahawia, kisha tui, sukari na iliki, kama tulivyozoea Tanga.