Riba ya benki kuu: tarakimu moja haitoshi

Mhariri,

Benki kuu inapobadili riba, magazeti mengi huandika kana kwamba kamati ikitangaza asubuhi, jioni mikopo yote na maduka yote ya kubadilishia fedha yameshatii. Haiendi hivyo, na mahali inapokwama ndipo penye habari yenyewe.

Riba inayotangazwa si ya mkopo wa mteja. Huongoza mikopo ya muda mfupi sana, mara nyingi ya usiku mmoja au siku saba, ambayo mabenki hukopeshana au huchukua kwa benki kuu. Benki kuu ikitaka ipande, mara nyingi inabidi ifyonze fedha zilizozagaa sokoni, kwa mfano kwa kuuza dhamana za serikali ilizonazo, yaani hati za madeni ya serikali. Isipofanya hivyo, mabenki yakaendelea kujaa fedha zisizo na kazi, tangazo linabaki karatasini. Hilo si gumu kuligundua: tazama riba ambayo mabenki yanatozana. Ikikaa wiki kadhaa chini kabisa ya ile iliyotangazwa, uamuzi haujafika popote.

Tuseme umefika, na benki ya biashara imepandisha riba ya mikopo kutoka asilimia 15 hadi 17. Anayekopa 1,000,000 kwa miezi 36, kwa marejesho sawa ya kila mwezi na riba inayohesabiwa kwa salio, alikuwa alipe kama 34,665 kwa mwezi. Sasa atalipa 35,653. Nyongeza haifiki hata asilimia 3, na mfanyabiashara mwenye faida nzuri hataacha kukopa kwa sababu hiyo. Lakini mkopo huohuo ukiwa wa nyumba, wa miaka 20, marejesho yanatoka 13,168 hadi 14,668, zaidi ya asilimia 11. Kadiri mkopo unavyorefuka ndivyo riba inavyouma. Mwenye mkopo wa zamani wenye riba isiyobadilika hahisi chochote mpaka akope tena.

Kwa hiyo pale ambapo mikopo mingi ni mifupi, matumizi hupungua zaidi kwa njia nyingine: benki inakaza masharti. Dhamana za serikali zikianza kulipa vizuri, kwa nini ihangaike na mkopaji anayetia wasiwasi? Anaambiwa arudi mwezi ujao. Hili halionekani katika riba yoyote, linaonekana katika kasi ya ukuaji wa mikopo.

Upande wa sarafu ndio unaoeleweka vibaya zaidi. Hoja ya kawaida ni kwamba riba ikipanda, wawekezaji wa nje huleta dola na sarafu huimarika. Fanya hesabu yao. Dhamana ya ndani inalipa asilimia 12 kwa mwaka, ya nje asilimia 5. Kila 100 inakuwa 112 hapa, au 105 kule. Dola ikipanda kutoka 100 hadi 107 za sarafu ya hapa mwaka huo, faida yote ya kuja imekwisha na hasara kidogo juu. Mwekezaji anaangalia kwanza kama sarafu itashuka, na jibu lake linategemea sana mfumuko wa bei anaoutarajia.

Uturuki ilionyesha hilo waziwazi. Septemba 2021 riba ya benki kuu ilikuwa asilimia 19, na mfumuko wa bei ulikuwa umeshaipita kidogo. Badala ya kupandisha, benki kuu ikashusha mara nne mfululizo hadi asilimia 14 mwezi Desemba. Aliyeweka akiba kwa lira alijua inaliwa, akakimbilia dola na dhahabu. Dola iliyokuwa chini ya lira 9 ikapita 18 tarehe 20 Desemba, kabla serikali haijaahidi kufidia wenye amana za lira. Bidhaa za nje zikapanda bei, na Oktoba 2022 mfumuko ukapita asilimia 85.

Kurudi nyuma kuligharimu zaidi. Kuanzia Juni 2023 riba, iliyokuwa imeendelea kushushwa hadi asilimia 8.5, ilipandishwa hadi 50 kufikia Machi 2024, na hata hapo mfumuko wa mwaka ulikuwa asilimia 68.5. Kwa hesabu ya bei zilizopita, riba halisi, yaani riba ukitoa mfumuko wa bei, ilikuwa bado chini ya sifuri. Ilianza kufanya kazi kwa sababu watu walianza kutarajia bei za mbele zitapanda polepole zaidi, na hayo matarajio ndiyo yanayotolewa kwenye riba ili kupata riba halisi inayomgusa mweka akiba.

Ombi langu ni dogo. Siku mtakapoandika tena uamuzi wa riba, wekeni kando yake tarakimu tatu: mfumuko wa bei unaotarajiwa mwaka ujao, riba ambayo mabenki yanatozana, na ukuaji wa mikopo kwa sekta binafsi. Zote kwa kawaida huchapishwa na benki kuu zenyewe.

Msomaji wenu