Picha ni ya Kagunga kweli, lakini ni ya mwaka gani?

Ndugu Mhariri,

Wiki hii ile picha ya Kagunga, kijiji cha ufukweni mwa Ziwa Tanganyika karibu na mpaka wa Burundi, imerudi tena kwenye simu zetu. Ufuko umejaa watu na mizigo, milima imesimama nyuma yao, mitumbwi iko majini. Mara ya kwanza ilitufikia mwaka 2024, mvua za vuli zilipoanza, ikiwa na maneno haya: "Kagunga leo asubuhi. Wakimbizi wamefurika, kipindupindu kimelipuka." Dada yangu anauza vitenge. Siku hiyo alikuwa Kibirizi, marobota mawili yameshapakiwa kwenye boti la kwenda soko la Kagunga. Aliposoma akashusha mzigo. Nauli hakurudishiwa, na Jumamosi ilikuwa siku ya marejesho ya kikoba.

Mimi ni mpiga picha hapa Mwanga, kazi yangu ni harusi na pasipoti. Alikuja na simu mkononi akaniuliza, "Kaka, hii picha imetengenezwa?" Nikaikuza, nikakagua kingo za watu na vivuli vyao. Nikamjibu kwamba haijaguswa, ni picha halisi. Halafu nikaongeza neno ambalo hadi leo linaniuma: "Na hapo ni Kagunga kabisa, mlima ule naujua." Kwa jibu hilo nilimthibitishia uongo. Yeye alihitaji kujua kama yale yanatokea leo, mimi nikamjibu kuhusu picha na mahali.

Picha kama hii ndiyo inayotunasa sisi wenyeji. Ingekuwa ya nchi ya mbali, mtu angeona nguo au majengo asiyoyazoea akashtuka. Ikiwa ni ya kwetu, jicho linatambua mlima na moyo unaridhika. Kumbe maneno ya chini ya picha yanadai mambo matatu, yaani nini kimetokea, wapi na lini, na kila moja linataka ushahidi wake. Mlima ulinithibitishia "wapi" tu. Mlima hauna tarehe.

Dada alinionyesha tarehe kwenye simu yake. "Tazama, imeandikwa leo." Ile ni siku picha ilipoingia kwenye simu. WhatsApp inapotuma picha kwa njia ya kawaida huifinya na kuondoa kumbukumbu za kamera, ikiwemo siku na saa iliyopigwa, kwa hiyo tarehe ya kwenye galari haikusaidii kitu. Kitu pekee ambacho ujumbe wenyewe ulituambia ni ile mishale miwili juu yake, maana yake umepita mikono mingi kabla ya kufika kwetu.

Jioni ile ndipo nilipoifanya kazi ambayo ningeifanya asubuhi. Niliipeleka picha kwenye Google Lens, inayotafuta picha kwa kutumia picha. Majibu ya kwanza yalikuwa nakala zilezile zenye maneno yaleyale, na mtu mwenye haraka angesema, "Si unaona, kila mahali wanasema hivyo." Nakala kumi za uongo mmoja bado ni uongo mmoja. Nikaenda TinEye, ambako unaweza kupanga majibu kwa kubonyeza "Oldest", ya zamani yakaja juu. Sikupata kitu. Ndipo nikatazama ukingo wa kushoto nikaona kipande cha chuma, kama nyuma ya meli, kimekatwa. Aliyeisambaza alikuwa ameipunguza pembeni. Nikakata na mimi, nikabakiza ufuko na mlima peke yake, nikatafuta upya. Safari hii ikaja picha pana zaidi kwenye ukurasa wa shirika la habari, na maelezo ya mpigaji mwenyewe: wakimbizi wa Burundi wakisubiri meli, Kagunga, Mei 2015. Na ile meli iliyokatwa ilikuwa MV Liemba.

Hapo mtu wa Kigoma hahitaji kompyuta. Sote tunaukumbuka mwezi ule. Makumi ya maelfu ya Warundi walivuka mpaka wakakwama Kagunga, kijiji kilichobanwa kati ya mlima na ziwa. Liemba ilisimama mbali na ufuko kwa kuwa hapakuwa na gati, watu wakapelekwa kwa mitumbwi hadi melini. Wakaletwa mjini, wakapitia uwanja wa Lake Tanganyika, kisha mabasi yakawapeleka kambi ya Nyarugusu kule Kasulu. Kipindupindu nacho kilikuwepo kweli, mwaka ule. Lakini mwaka 2024 Liemba ilikuwa imesitisha safari zake kwa miaka kadhaa na ilikuwa kwenye ukarabati. Isingeweza kuwa Kagunga ikibeba watu asubuhi ile. Aliyeikata picha aliondoa kitu kimoja ambacho kingemuumbua kwa wenyeji. Sijui kama alikusudia, ila matokeo ni yaleyale.

Mzee mmoja mvuvi nilimwonyesha, akaweka kidole kwenye mchanga. "Ufuko huu mpana uko wapi siku hizi?" Ni kweli, ziwa lilipanda sana kuanzia mwaka 2020, na hata hapa Kibirizi tunajua maji yalikofika. Dalili hiyo nisingeitegemea peke yake, maana maji hushuka kiangazi na pembe ya kamera inaweza kuutanua ufuko. Ikiungana na meli na maelezo ya mpigaji, inakuwa shahidi wa tatu.

Niseme pia njia hii inapoishia. Mtambo wa kutafutia unaona tu picha zilizowahi kuwekwa hadharani nao ukazifikia. Picha iliyozunguka kwenye makundi ya simu pekee haitaonekana, na picha iliyogeuzwa kushoto kuwa kulia mara nyingi huupotosha. Kwa hiyo kukosa nakala ya zamani si uthibitisho kwamba picha ni mpya. Ukipata moja ya tarehe ya nyuma, dai la "leo" limekufa. Usipopata, bado hujui, na kinachobaki ni kumpigia mtu aliyeko huko. Dada angempigia simu mwenye kibanda pale sokoni Kagunga, dakika mbili zingetosha. Alimpigia kesho yake. Soko lilikuwa limejaa kama kawaida.

Sasa nina ombi kwako, Mhariri, kwa kuwa hata magazeti na redio zenye kurasa mtandaoni zina sehemu katika hili. Habari ya wakimbizi inapotoka, mnaweka picha ya zamani na kuandika "Picha ya maktaba", basi. Msomaji akiipiga picha skrini, maneno hayo yanabaki nyuma na picha inaondoka peke yake. Andikeni mwaka na mahali, na muyaandike juu ya picha yenyewe, kwenye kona ambayo mtu hawezi kuikata bila kuharibu sura ya picha: "Kagunga, Mei 2015". Na mkikosea, msiifute kimyakimya. Irudisheni picha ileile ikiwa na mwaka wake wa kweli, ili anayeitafuta baadaye akute jibu juu ya nakala za uongo.

Watu wa kwenye picha ile wana haki yao pia. Mbele kabisa kuna mama ameketi juu ya godoro lililokunjwa, mtoto mgongoni, sufuria mbili pembeni yake. Alikimbia mwaka 2015. Kila picha hii inapotumwa na maneno mapya, mjini kunaanza maneno ya chuki juu ya "hawa waliotuletea ugonjwa jana", na yeye hakuja jana.

Mpiga picha,
Mwanga, Kigoma