Wauguzi husoma ratiba ya zamu kabla ya bango

Ndugu Mhariri,

Nimelisoma gazeti lako kwa miaka mingi bila kuliandikia, na ningeendelea kunyamaza kama si ile habari ya hospitali binafsi ya hapa Tanga iliyozindua kampeni ya kuwavuta wauguzi wenye ujuzi. Bila shaka unaikumbuka: mabango barabarani, video fupi ya wauguzi wanaotabasamu kwenye ngazi, na meneja wa rasilimali watu akieleza kwamba hospitali sasa inajenga “chapa ya mwajiri” kwa sababu kila mwaka inaajiri wauguzi na kila mwaka wanaondoka. Mwandishi wako aliandika maelezo hayo yote, lakini katika habari nzima hakuna muuguzi hata mmoja aliyeulizwa kwa nini wenzake waliondoka.

Nilifanya kazi ya uuguzi na ukunga kwa miaka 33, na 14 ya mwisho nilikuwa kiongozi wa wodi ya wazazi, kwa hiyo ratiba ya zamu niliipanga kwa mkono wangu mwezi baada ya mwezi. Chapa ya mwajiri si jambo la kubezwa. Maana yake ni sifa ambayo mahali pa kazi pamejijengea kwa wale wanaofanya kazi hapo na wale wanaofikiria kuomba kazi hapo: kile wanachokitarajia kwa upande wa mshahara, mazingira, kujifunza na heshima. Kosa liko katika kudhani kwamba sifa hiyo hutengenezwa na mpiga picha. Wauguzi waliosoma chuo kimoja hubaki katika kundi moja la simu hadi wanapostaafu, na tangazo la kazi likitoka, swali la kwanza linaloulizwa humo ni kama kuna mtu aliyewahi kufanya kazi pale. Jibu la mtu huyo mmoja ndilo chapa ya hospitali ile, na hakuna bango linaloweza kulifuta.

Nitaeleza yaliyompata mtoto wa marehemu mdogo wangu, ambaye nimemlea. Ana stashahada ya uuguzi na ukunga, na alikuwa amekwisha kufanya kazi miaka 4 katika chumba cha watoto wachanga. Anajua kumlisha njiti kwa mrija, kumfundisha mama kumbeba mtoto kifuani kwa njia ya kangaruu, na kumtambua mtoto anayechoka kupumua kabla hajabadilika rangi. Aliomba kazi katika hospitali moja ambayo sitaitaja, kwa sababu tangazo lake lilisema inatafuta wauguzi wenye ujuzi wa watoto wachanga, na kwamba kila mwajiriwa mpya atapewa mlezi na muda wa kuzoea. Siku ya kwanza alipewa sare na kitambulisho. Siku ya pili alipelekwa idara ya wagonjwa wa nje kuandika majina na kupima presha, kwa kuwa huko ndiko kulikokuwa na pengo. Wiki ya pili akahamishiwa wodi ya wazazi, na usiku wake wa tatu huko alibaki peke yake na wanawake 14, kwa sababu mwenzake aliitwa kusaidia chumba cha upasuaji na hakurudi hadi alfajiri. Alinipigia simu saa 9 usiku akaniambia, “Mama mkubwa, hata kabati la dawa za dharura sijaonyeshwa liko wapi, na yupo mama anatokwa na damu.” Nilimwelekeza amkande tumbo la uzazi huku akimwita mlinzi amfuate daktari, na nilikaa kitandani na simu sikioni hadi daktari alipofika. Mama yule alipona. Asubuhi hakuna aliyemuuliza binti yangu usiku ulikuwaje, ila aliambiwa kuwa ofu yake imefutwa. Alivumilia wiki 11, akatoa notisi ya siku 28 kama sheria inavyotaka, na alipoomba cheti chake cha utumishi alizungushwa zaidi ya mwezi mzima, ingawa cheti hicho ni haki ya kila anayeacha kazi. Leo yuko mkoa mwingine, katika chumba cha watoto wachanga, na kundi lake la chuo linaijua habari hii nzima.

Mhariri, mtu anayeijua kazi hii angeisoma hesabu ya ratiba kabla ya kumhoji meneja. Chukua wodi ya kawaida yenye zamu tatu: asubuhi kuanzia saa 2 hadi saa 8 mchana wauguzi 3, jioni kuanzia saa 8 hadi saa 2 usiku wauguzi 2, na usiku kuanzia saa 2 hadi saa 2 asubuhi wauguzi 2. Jumla ni saa 54 za kazi kwa siku, yaani saa 378 kwa wiki, bila kuhesabu muda wa makabidhiano. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inaweka saa 45 za kawaida kwa wiki. Ukigawanya, unapata kwamba wodi hiyo inahitaji wauguzi 8 na kidogo, na ukiongeza likizo ya siku 28 ya kila mmoja, siku za kuugua na likizo za uzazi, unafika 10. Sasa iwapo wodi ina wauguzi 7 kwenye karatasi na mmoja yuko likizo, hao 6 waliobaki kila mmoja atafanya saa 63 kwa wiki. Hata saa za ziada zenyewe zina mpaka wake, nao ni saa 50 katika wiki 4, yaani 12 na nusu kwa wiki, kwa hiyo saa 63 zimeuvuka mpaka huo pia. Hospitali ya namna hii ikiandika kwenye bango kwamba inajali mapumziko ya wauguzi wake, hesabu yake yenyewe inaikana, na muuguzi mzoefu huiona hesabu hiyo kwa kuitazama ratiba ukutani dakika mbili tu siku anapokuja kwenye usaili.

Hati ya malipo nayo husomwa vivyo hivyo. Sheria hiyo hiyo inamtaka mwajiri amlipe anayefanya kazi usiku nyongeza ya angalau asilimia 5 ya mshahara wa msingi wa saa, kwa kila saa kati ya saa 2 usiku na saa 12 asubuhi. Kwa mshahara wa msingi wa shilingi 600,000, saa moja ni kama shilingi 3,077, na nyongeza ya saa 10 za usiku ni karibu shilingi 1,540. Muuguzi mwenye naiti 10 katika mwezi anadai shilingi 15,400. Fedha hizo hazimtajirishi mtu, lakini zisipoonekana kwenye hati ya malipo, muuguzi anajua tayari kwamba mengine yote aliyoahidiwa yatakwenda njia hiyo hiyo.

Na kwa kuwa nimeshika kalamu, naomba niliseme na hili linalowahusu ninyi wenyewe. Kila baada ya miezi michache gazeti linatoa habari ya wauguzi wenye lugha mbaya. Siitetei lugha mbaya. Nimewahi kumwondoa muuguzi zamu kwa sababu yake. Ila sikumbuki habari hata moja iliyosema muuguzi yule alikuwa na wagonjwa wangapi usiku ule, au alikuwa katika naiti ya ngapi mfululizo. Utafiti uliofanyika Marekani katika jimbo la Pennsylvania na kuchapishwa mwaka 2002 ulionyesha kwamba kila mgonjwa mmoja aliyeongezwa kwa muuguzi aliambatana na ongezeko la asilimia 7 la uwezekano wa mgonjwa wa upasuaji kufa, na asilimia 23 la uwezekano wa muuguzi kuchoshwa kabisa na kazi. Hospitali zetu si za Pennsylvania, lakini mwili wa muuguzi ni ule ule. Habari zenu zinapoliacha jambo hili, zinamvunja moyo hata yule aliyekuwa bado anafikiria kubaki, na hospitali zinajificha nyuma ya jina la mtu mmoja aliyechoka.

Hili la kuwabakiza wauguzi halijaanza Tanga. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 1983, wataalamu wa uuguzi wa Marekani, wakati wauguzi walipokuwa haba nchini humo, waliacha kuuliza kwa nini wauguzi wanaondoka, wakazitafuta hospitali ambazo wauguzi hawakuziacha. Walizipata 41, wakaziita hospitali za sumaku. Walichokikuta ni wauguzi wa kutosha katika zamu, ratiba zinazobadilika kulingana na maisha ya watu, metroni mwenye sauti katika uongozi wa juu, na muuguzi anayeaminiwa kuamua mambo ya taaluma yake. Wagonjwa waliolazwa humo walihudumiwa na watu waliokaa.

Kwa hospitali mliyoiandika nina ombi mahususi. Kabla ya kuchapa bango jingine, wawapange wauguzi walioondoka katika miaka 3 kwa muda waliokaa. Walioondoka kabla ya siku 90 waliahidiwa wasichokikuta, na dawa yao ni mlezi wa wiki 4 za mwanzo, ambazo mgeni hahesabiwi kama mtu kamili katika ratiba na hawekwi usiku peke yake. Walioondoka baada ya miaka 3 au 4 kwa kawaida wanatafuta masomo, cheo au ajira ya serikali, na hao hospitali binafsi haiwezi kuwazuia wote. Inaweza tu kuwapangia masomo mapema na kuwaaga vizuri, kwa sababu baadhi hurudi. Waulizwe miezi 3 baada ya kuondoka, na asiyekuwa kiongozi wa wodi yao, maana anayesubiri cheti hasemi ukweli. Kisha tangazo lijalo libebe mambo manne: idadi ya wauguzi usiku katika kila wodi, saa za kazi kwa wiki, posho ya usiku kwa zamu moja, na idadi ya walioacha kazi ndani ya mwaka wao wa kwanza. Ratiba ya wiki 4 zijazo itundikwe mahali ambapo mwombaji kazi ataiona.

Nawe mhariri, mwandishi wako akirudi pale aende saa 2 usiku wakati wa makabidhiano, asimame kando bila kamera, awahesabu wauguzi wanaoingia na wagonjwa wanaoachiwa, aziandike namba hizo mbili, nami nitazisoma.

Muuguzi mstaafu,
Chumbageni, Tanga