Barua kwa Ciku: mbona Pentekoste ndiyo bathdei ya kanisa

Ciku wangu,

Meseji yako nimeisoma kwa matatu, jam ya Jogoo Road ikiwa imekataa kabisa kusonga, nikasema hii siwezi kujibu na kidole kimoja, wacha nifike Umoja nikuandikie vizuri. Ati kuna kijana kwa kikundi chenu cha Biblia amewaambia hiyo maneno ya bathdei ya kanisa ni ya walimu wa Sande Skuli tu, kwamba kanisa lilianza siku Yesu aliwaita wale wavuvi kando ya ziwa, na nyinyi wote mkakaa kimya. Swali lake si baya. Biblia kweli haijaandika popote kwamba Pentekoste ni bathdei, hilo tumpee. Lakini hajasoma hadi mwisho.

Mwambie aanzie Matendo mlango wa kwanza, aangalie hawa watu walikuwa na nini kabla ya hiyo siku. Mafundisho wanayo, walikaa na Yesu mwenyewe. Wamemwona amefufuka. Watu wapo, kama 120 hivi, wanawake wamo na Mariamu mamake Yesu amo. Maombi yapo. Hata uongozi umekamilika, juu ile nafasi ya Yuda wameshampa Mathiya. Sasa kama kanisa ni viongozi na waumini na maombi, hapo kila kitu kipo, si ndiyo? Na bado mtu wa nje hajaambiwa chochote, wanangoja tu Yerusalemu vile waliambiwa wangoje. Tena angalia Mathiya walimpata aje: walipiga kura. Hiyo ndiyo mara ya mwisho utaona waumini wakipiga kura kwa kitabu cha Matendo. Ukifika mlango wa 15 wakiwa na shida kubwa ya kuamua, wanaandika barua wakisema imempendeza Roho Mtakatifu na sisi. Kati ya hiyo kura na hiyo barua kuna kitu kimeingia.

Na usidhani Pentekoste ililetwa na Wakristo. Ilikuwa sikukuu ya Wayahudi kitambo sana, iko Walawi 23, unahesabu majuma saba toka wakati wa Pasaka na siku ya 50 unaleta kwa Mungu mikate miwili ya ngano mpya. Ndiyo maana mji ulikuwa umejaa wageni, watu wametoka Misri, Libya, Rumi, Krete, Arabuni, wengine mbali huko kwa Waparthi. Asubuhi hiyo ikasikika sauti kama ya upepo wa nguvu, zikaonekana ndimi kama za moto zikimkalia kila mmoja wao, wakaanza kusema kwa lugha zingine, na wale wageni wakashangaa kusikia kila mtu lugha ya kwao. Wengine wakacheka wakasema hawa wamelewa. Petro akawaambia hapana, hii si ni saa tatu asubuhi tu. (Huku mtaani kwetu hiyo jibu haiwezi kusaidia, nawajua wawili watatu ambao saa tatu washamaliza.)

Hapo kwa lugha ndipo watu hupita haraka na mimi naona ndipo kuna utamu. Wale wageni walikuwa Wayahudi na watu walioingia dini ya Kiyahudi, na wengi wao walijua Kigiriki au Kiaramu, ndizo lugha watu walikuwa wanaelewana nazo huko. Yaani Petro angesimama tu aongee na wengi wangemwelewa, na ukisoma mbele ndivyo alifanya, alisimama akahubiria umati wote. Kwa hivyo hizo lugha hazikuwa za kutatua shida ya kutoelewana. Fikiria Muthurwa jioni, makelele ya Kiswahili kila upande na babako anapita kama hasikii, halafu mtu mmoja nyuma aseme kitu kwa Kijaluo, shingo inageuka yenyewe. Kiswahili alikuwa anakielewa vizuri tu, lakini hiyo ingine ni ya nyumbani. Mungu angeanza na ile lugha ya kila mtu, akaamua kuanza na za nyumbani, na hakumwambia yeyote ajifunze kwanza lugha ya Yerusalemu.

Kitu cha pili ni nani alipewa. Roho hakuanza kuwepo siku hiyo, mtu asikudanganye, Agano la Kale limejaa yeye. Lakini huko alikuwa anashuka sana sana kwa mtu fulani kwa kazi fulani, mfalme, nabii, yule fundi Bezaleli aliyejenga hema. Kuna siku kwa Hesabu 11 alishukia wazee 70 wa Musa, halafu wanaume wawili waliobaki kambini, Eldadi na Medadi, nao wakaanza kutabiri, Yoshua akataka wakatazwe. Musa akasema laiti watu wote wa Bwana wangekuwa manabii. Akatamani tu, akafa bila kuiona. Baadaye Yoeli akasema itakuja siku Mungu atamwaga Roho yake kwa wote wenye mwili, wana na mabinti, wazee na vijana, hata watumwa wa kiume na wa kike. Sasa Petro kati ya maandiko yote angechukua siku hiyo, akaanza na hilo la Yoeli, akasema ndilo hili mnaloliona. Hakuna wazee 70 wala kambi, moto umekalia kila mtu aliyekuwa kwa hiyo nyumba.

Jioni ilipofika walikuwa wamebatizwa na kuongezeka watu kama 3000, na mistari inayofuata inakuonyesha wanaishi aje: wanafundishwa na mitume, wanashirikiana, wanamega mkate, wanasali. Hiyo ndiyo mara ya kwanza unasoma unasema eh, hawa nawajua.

Shoshoo yako na Ukatoliki wake atakwambia kanisa lilizaliwa msalabani, ubavuni mwa Yesu ulipotoka damu na maji, na Pentekoste ndipo likaonyeshwa kwa watu wote. Usibishane naye. Ni mafundisho ya zamani sana na hayagongani na haya yangu, mtoto huwa hai kabla watu wa nje hawajamwona.

Lakini huyo kijana wenu mpe Petro mwenyewe. Miaka kadhaa baadaye Petro anaenda Kaisaria kwa Kornelio, akida wa Kirumi, mtu ambaye si Myahudi, na kabla hajamaliza kuhubiri Roho anawashukia wote nyumbani humo. Kurudi Yerusalemu anakuta kesi inamngoja, mbona ameingia kwa hao watu akala nao. Anajitetea kwa Matendo 11:15, anasema Roho aliwashukia kama alivyotushukia sisi mwanzo. Na anayesema hivyo ni mmoja wa wale wavuvi, aliitwa kando ya ziwa, alikuwepo akiwa na wavu mkononi, na bado akitaka kutaja mwanzo anataja Pentekoste. Msomee huo mstari polepole halafu uniandikie amesema nini.

Mamako