Shemeji anaona hasara, mimi naona faida, na skrinishoti ni ile ile

Mhariri mpendwa,

Nashona na kuuza madera hapa Mombasa. Mtaji wa vitambaa alitoa shemeji yangu, kaka wa mume wangu, na tulikubaliana tugawane faida nusu kwa nusu kila mwisho wa mwezi. Tunauza kupitia soko moja la mtandaoni. Mteja hulipa kwao, wao hukata chao, na kila Jumatatu hutuma kilichobaki kwenye akaunti yetu ya benki pamoja na muhtasari wa malipo. Mimi hupiga skrinishoti ya muhtasari huo na kumtumia shemeji kwa WhatsApp, naye ndiye anayeandika daftari. Daftari hilo sasa limetufikisha pabaya, na naomba wewe au wasomaji wenye ujuzi wa hesabu mtusaidie.

Hii hapa ya wiki ya kwanza ya Aprili, kama inavyosomeka kwenye simu:

```
Gross sales         60,000.00
Commission 12%      -7,200.00
VAT on commission   -1,152.00
Refunds             -6,000.00
Net settlement      45,648.00
```

Mstari wa juu ni madera 40 kwa shilingi 1,500 kila moja, bei aliyolipa mteja. Kamisheni ni asilimia 12 ya hiyo, na VAT ya asilimia 16 inatozwa juu ya kamisheni, si juu ya madera yangu. Sisi hatujasajiliwa kwa VAT, kwa hiyo hatuwezi kuidai popote. Kwetu ni gharama kama kamisheni yenyewe. Marejesho ni wateja wanne waliorudishiwa pesa zao. Mstari wa mwisho ndio ulioingia benki, na nimeulinganisha na taarifa ya benki: ni sawa hadi senti.

Shemeji huanzia pale chini. Anaandika 45,648 kuwa ndiyo mauzo, kwa sababu, anasema, pesa ambayo hukuishika si mauzo. Kisha kwenye ukurasa wa gharama anaandika tena kamisheni na VAT yake, jumla 8,352, na marejesho 6,000, kwa kuwa anayaona kwenye picha. Anabaki na 31,296. Hapo anatoa gharama ya kutengeneza madera yote 40, shilingi 900 kila moja, yaani 36,000, na anapata hasara ya 4,704. Jumapili alinipigia akasema, "Shemeji, biashara hii inatula. Tufunge kabla mtaji haujaisha."

Mimi naona makato yale yametolewa mara mbili: soko liliyatoa kabla ya kutuma pesa, na yeye anayatoa tena. Hesabu yangu inaanzia juu. Mauzo 60,000, toa marejesho 6,000, inabaki 54,000. Toa kamisheni na VAT yake, inabaki 45,648, ile ile iliyoingia benki, na hapo ndipo najua sijaruka kitu. Kisha gharama ya nguo. Katika zile nne zilizorejeshewa pesa, mbili zimerudi safi na nimeshazitundika dukani, moja imerudi na doa la mafuta kifuani lisilotoka, na ya nne haijarudi kabisa. Kwa hiyo nguo zilizotutoka kabisa ni 38, gharama yake 34,200, na faida ni 11,448 kabla ya mifuko na boda boda. Kutoka hasara yake hadi faida yangu ni shilingi 16,152, katika wiki moja tu.

Nimemweleza kwa upole, maana ni mkubwa wangu na pesa ni yake. Jibu lake ni kwamba picha inaonyesha alama ya kutoa mbele ya kila kiasi, kwa hiyo lazima kitolewe. Nadhani hapo ndipo skrinishoti inapomponza. Haionyeshi kwamba mstari wa mwisho ni jibu la ile mingine, na kwa macho mistari yote mitano inaonekana ina uzito mmoja.

Kuna jambo jingine ambalo skrinishoti inalificha, na hili linaniuma zaidi. Masharti ya soko yanasema kamisheni ya nguo iliyorejeshwa inarudishwa kwa muuzaji. Kwa nguo nne ingekuwa 720, na pamoja na VAT yake 835.20. Katika muhtasari ule hapakuwa na kitu. Jumatatu iliyofuata ukaja mstari mpya umeandikwa `Adjustment`, 626.40, bila maelezo yoyote. Nikakaa nikaipigia hesabu: 208.80 mara tatu. Wamerudisha ya nguo tatu. Nilipopakua faili ya Excel yenye namba za oda, nikaona iliyoachwa ni ile ile ambayo haijarudi. Mteja alishapewa pesa zake, nguo sina, na kamisheni ya mauzo yasiyokuwapo bado wameishikilia. Nimewaandikia, wamenijibu kwamba mchakato wa kurejesha haujakamilika kwa sababu bohari yao haijapokea mzigo. Kama mzigo haujapokelewa, kwa nini pesa yangu ilikatwa mapema?

Halafu kuna KRA. Mauzo yetu kwa mwaka ni zaidi ya milioni moja na hayajafika milioni ishirini na tano, kwa hiyo tunalipa kodi ya mauzo, ile TOT ya asilimia 3, na ritani ya mwezi inatakiwa kufikia tarehe 20 ya mwezi unaofuata. Kodi hii hupigwa kwenye mauzo, gharama hazitolewi. Shemeji anataka tutangaze kilichoingia benki. Kwa wiki ile kodi yake ingekuwa 1,369.44, wakati kwa mstari wa juu ni 1,800. Najua kamisheni ni gharama, haiwezi kupunguza mauzo mbele ya KRA, na siko tayari kutia jina langu kwenye ritani inayosema vingine. Kinachonisumbua ni marejesho. Nguo tatu kati ya nne ziliuzwa mwisho wa Machi, zikarejeshwa Aprili.

Basi maswali yangu ni haya. Kwanza, mstari upi uandikwe kuwa mauzo kwenye daftari, na je, kuna namna rahisi ya kupanga ukurasa ili mtu ambaye hakusomea hesabu aone mwenyewe kwamba makato yameshatolewa? Nimefikiria kuandika jumla ya juu upande mmoja, makato yote upande wa pili, na pesa ya benki chini kama hakikisho tu, isiyojumlishwa popote. Pili, marejesho ya nguo za Machi yapunguze mauzo ya Machi au ya Aprili kwenye ritani ya TOT? Tatu, kwa ile nguo isiyorudi, nina haki ya kudai bei nzima niliyokatwa au kamisheni peke yake, na ni ushahidi gani ambao soko la mtandaoni haliwezi kuukataa? Nina namba ya oda, tarehe mteja alipolipwa na ile faili ya Excel.

Mwisho wa mwezi tunakaa na shemeji kugawana, na yeye anakuja na daftari lenye hasara. Ningependa niwe na jibu mkononi kabla ya siku hiyo.

Mshona madera,
Mombasa